YAH: PENDEKEZO LA KUANDAA RIPOTI YA WIKI KWA MFUMO BADALA YA MKONO

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi
Kupitia: Mkurugenzi Mtendaji
Kutoka: Meneja Uendeshaji

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba bodi iidhinishe mradi wa miezi mitano utakaoondoa kazi ya kujaza na kuunganisha lahajedwali za ripoti ya wiki. Badala yake, takwimu zitavutwa usiku moja kwa moja kutoka mifumo yetu ya oda, ghala na usafirishaji, zitahakikiwa, na ripoti itakuwa mezani kila Jumatatu saa 1 asubuhi. Kwa sasa inafika Jumatano alasiri, wakati magari ya wiki yameshapangwa na oda za wasambazaji zimeshatumwa. Kwa hiyo menejimenti huisoma ripoti ili kujua yaliyopita, wakati ilikusudiwa itusaidie kuamua.

Kazi yenyewe huenda hivi. Jumatatu asubuhi karani wa kila kituo kati ya vituo sita hutoa orodha kutoka mfumo wa ghala, huifungua kwenye Excel, hufuta safu zisizohitajika, huongeza za kwake, kisha hutuma faili kwa barua pepe. Hapo makarani wanakuwa wametumia saa 18 kwa ujumla. Makao makuu, wachambuzi wawili hupokea mafaili hayo sita, hunakili na kubandika kwenye faili kuu, hulinganisha majumla, na hupiga simu vituoni pale namba zinapokataa kukubaliana. Hizo ni saa nyingine 24. Ukijumlisha saa 4 za idara ya fedha kusahihisha thamani za bidhaa, tunafika saa 46 kila wiki, karibu 2,400 kwa mwaka. Ni zaidi ya ajira ya mtu mmoja, na saa hizo zote zinatumika kuhamisha namba ambazo tayari zimo ndani ya mifumo tuliyoilipia.

Hata hivyo, saa peke yake zisingenifanya niandike barua hii. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba namba zinazotufikia haziwezi kufuatiliwa hadi zilikotoka. Mjumbe akiuliza kwenye kikao kwa nini thamani ya akiba ya kituo fulani imeshuka, jibu limo ndani ya mlolongo wa mafaili yenye majina kama "ripoti_mwisho_mpya_2", kwenye kompyuta ya mtu ambaye huenda yuko likizo.

Naomba wajumbe waangalie mfano mmoja kwa karibu. Misimbo ya bidhaa zetu nyingi huanza na sifuri, mathalani 00417. Karani anapoifungua orodha hiyo kwenye Excel, programu huuchukulia msimbo kuwa namba ya kawaida na kuzifuta sifuri za mwanzo, ikabaki 417. Faili kuu nalo hutafuta bei kwa fomula hii:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Bei!A:C,3,FALSE),0)
```

Kwenye jedwali la bei msimbo umeandikwa 00417, kwa hiyo fomula haiupati. Bila ile sehemu ya IFERROR, seli ingeonyesha #N/A na mchambuzi angeshtuka. Kwa kuwa ipo, seli huandika 0 kimya kimya. Bidhaa iko rafuni, imehesabiwa vizuri, lakini thamani yake kwenye ripoti ni sifuri. Hakuna aliyezembea hapo. Fomula iliwekwa ili ripoti isomeke bila alama za makosa, na karani alifungua faili kama mtu yeyote anavyofungua faili. Wachambuzi wetu wanaijua hitilafu hii na huiwinda kila wiki, na huko ndiko saa nyingi zinakokwenda.

Tatizo la aina hii si letu peke yetu. Mwaka 2020 huko Uingereza, mamlaka ya afya ya umma iligundua kuwa visa 15,841 vya korona havikuwa vimeingia kwenye takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, usioweza kubeba zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi hapo iliachwa nje. Wagonjwa walipewa majibu yao, ila ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ulichelewa. Waliokuwa kwenye kazi hiyo walikuwa wataalamu, tena chini ya macho ya nchi nzima. Njia ya kupitisha data ikiwa dhaifu, bidii ya watu haitoshi kuiziba.

Ninachopendekeza si kununua mfumo mpya mkubwa. Data ipo. Kinachokosekana ni bomba la kuitoa ilipo na kuileta mahali pamoja. Kila Jumapili usiku programu itasoma mifumo mitatu, itaweka data kwenye kanzidata moja, na misimbo itabaki maandishi kama ilivyo. Kisha utafuata uhakiki: je, kila kituo kimeleta data, je, akiba ya mwanzo wa wiki ni sawa na ya mwisho wa wiki iliyopita, je, kuna bidhaa isiyo na bei, je, kuna kiasi kilicho chini ya sifuri. Uhakiki ukishindwa, ripoti itatoka Jumatatu ikiwa na maandishi yanayosomeka juu kabisa, kwa mfano "data ya kituo cha nne haijafika", na nafasi ya kituo hicho itabaki wazi. Nalisisitiza hili kwa sababu nafasi iliyo wazi humfanya msomaji aulize, wakati sifuri humfanya aamini. Na kila jumla kwenye ripoti itaweza kufunguliwa hadi kwenye oda na hati za ghala zilizoiunda.

Tulifikiria pia kubaki ndani ya Excel na kutumia Power Query, ambayo tayari tunayo na inaweza kuvuta mafaili bila kunakili. Ingepunguza saa kwa haraka, na ningeikubali kama hatua ya mpito kwa idara moja. Lakini katika mazingira yetu ingekaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja na kumsubiri yeye aifungue na kuisasisha. Mtegemeo wa namna hiyo ndio hasa tunaotaka kuuacha.

Sasa naomba bodi inivumilie kwenye jambo ambalo naliona gumu kuliko programu yenyewe. Vituo vyetu havikubaliani juu ya maana ya "oda iliyofika kwa wakati". Vitatu huhesabu gari linapotoka getini. Viwili huhesabu mteja anaposaini kupokea. Kimoja huziondoa kabisa oda ambazo mteja mwenyewe aliomba zisogezwe mbele. Chukueni oda iliyoahidiwa Alhamisi, ikatoka ghalani Alhamisi jioni na kumfikia mteja Ijumaa: kituo kimoja kitaiandika kuwa ni ya wakati, na jirani yake ataiandika kuwa imechelewa. Kisha sisi huvipanga vituo kwenye chati moja na kuwauliza mameneja kwa nini wamepitwa na wenzao, kumbe kila mmoja anapimwa kwa kipimo chake. Mameneja wa vituo vile viwili wameliona hili kwa muda mrefu na wana haki ya kukereka nalo.

Mfumo hautaweza kulifunika jambo hili kama lahajedwali zinavyolifunika. Programu inahitaji kanuni moja. Pendekezo langu ni kuhesabu pale mteja anaposaini, na oda zilizosogezwa kwa ombi la mteja zionyeshwe kwenye mstari wake. Bodi ijiandae: asilimia ya vituo vitatu itashuka wiki ya kwanza, ingawa hakuna gari litakalokuwa limechelewa kuliko jana. Naomba uamuzi huo utoke kwa bodi, uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ili meneja yeyote asilaumiwe kwa kushuka kunakotokana na kanuni mpya. Yapo maneno mengine ya aina hiyo, kama "akiba inayouzika" na "safari iliyokamilika". Hayo tutayamaliza na idara ya fedha na wakuu wa vituo ndani ya mwezi wa kwanza.

Miezi miwili itakayofuata ni ya ujenzi. Miwili ya mwisho tutaendesha njia zote mbili sambamba, ya mkono na ya mfumo, na mkaguzi wa ndani atalinganisha namba kila wiki. Naomba sharti liwe kali: njia ya mkono isisimamishwe hadi ripoti zilingane kwa wiki nne mfululizo, au kila tofauti iwe imeelezwa kwa maandishi na mkaguzi akaridhika nayo. Katika kipindi hicho mzigo utaongezeka kidogo badala ya kupungua, na nimeshawaeleza makarani na wachambuzi hivyo.

Kuhusu gharama, tunahitaji mtaalamu mmoja wa data kwa mkataba wa miezi mitano, nusu ya muda wa fundi wetu mmoja wa TEHAMA, na nafasi kwenye seva tuliyonayo. Mkurugenzi wa Fedha amepitia makisio na yanaingia ndani ya fungu la TEHAMA lililokwisha kuidhinishwa. Sharti la mkataba liwe kwamba programu yote na maelezo ya uendeshaji vinabaki mali yetu, na mafundi wetu wawili wawe wameiendesha peke yao kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Bila hivyo tutakuwa tumehama kutoka kumtegemea mchambuzi mmoja hadi kumtegemea mkandarasi mmoja.

Mfumo una hatari yake pia. Kanuni ikikosewa, itakosea kila wiki kwa namna ileile, na ripoti itaendelea kuonekana nadhifu. Ndiyo maana naomba kila kipimo kiwe na mwenyewe aliyetajwa kwa cheo, atakayekitia saini kila robo mwaka, na pasiwe na mabadiliko ya kanuni bila saini hiyo. Taarifa zinazowahusu wafanyakazi zitaingia kwa jumla za kituo tu. Majina ya wafanyakazi hayahitajiki kwenye ripoti hii.

Mwisho ni watu. Sipendekezi kupunguza hata nafasi moja, na naomba bodi ilitamke hilo waziwazi, kwa sababu tetesi zimeshaanza. Makarani wa vituo watarudi kwenye kuhesabu akiba rafuni, kazi ambayo sasa hufanywa kwa haraka mno kwa sababu ya Jumatatu zao. Wachambuzi wetu wawili ndio wanaozijua kasoro za data yetu kuliko mtu yeyote, na kanuni za uhakiki zitaandikwa kutokana na wanayoyajua wao. Baada ya hapo, Jumatatu yao itakuwa ya kuandika ukurasa mmoja wa maelezo: kwa nini kituo fulani kimeishiwa bidhaa, msambazaji gani amechelewa tena, nini kifanyike kabla ya Ijumaa. Ukurasa huo mfumo hauwezi kuuandika, na wajumbe wameuomba zaidi ya mara moja bila sisi kupata muda wa kuuandaa.

Bodi ikiridhia mradi, kanuni ya oda za wakati na utaratibu wa saini za kila robo mwaka, tutaanza wiki inayofuata kikao. Nitahudhuria pamoja na wachambuzi wote wawili, tukiwa na faili kuu la wiki iliyopita, kujibu maswali ya wajumbe.

Naomba kuwasilisha.

Meneja Uendeshaji

Nakala: Mkurugenzi wa Fedha, Mkaguzi wa Ndani, Mkuu wa TEHAMA