Ratiba ya malipo kwa hatua na fedha ya zuio: kiambatisho cha bajeti ya mkataba, jengo la madarasa mawili na ofisi

Fundi, hii ndo sehemu ya malipo tuliyoahidiana kuiandika baada ya kikao. Nimeiandika kwa lugha ya kawaida makusudi ili vijana wako wa saiti nao waisome waelewe, lakini ni sehemu ya mkataba kamili na saini zetu zinaifunga. Ukiona mahali pamekaa vibaya sema sasa kabla hatujasaini.

Bei ya mkataba ni 80,000,000, kwa fedha ileile iliyoandikwa ukurasa wa kwanza wa mkataba. Hiyo bei imefungwa kwa kazi iliyo kwenye michoro na mchanganuo wa gharama. Pembeni kwenye bajeti kuna akiba ya dharura 4,000,000, hiyo sio sehemu ya bei yako na haiguswi mpaka tukupe agizo la maandishi lenye kazi ya ziada na bei yake, yaani usimwage hata karai moja la zege la ziada kwa maneno ya mdomo hata kama nimesema mimi mwenyewe nikiwa nimesimama hapo saiti.

Tunalipa kitu kilichokamilika na kupimwa, hatulipi siku wala miezi. Mradi wetu uliopita tulilipa kila mwisho wa mwezi, kazi ilivyofika kwenye linta fedha zilikuwa zimebaki robo na hakuna aliyeiba, ni vile tu malipo yalikuwa yanakimbia na kalenda huku jengo likitembea polepole, tukakaa na kuta bila paa msimu mzima wa mvua. Iliniuma sana na sitaki iturudie, wala sitaki wewe uingie kwenye hali ile ya fundi anayedaiwa kazi ambayo fedha yake ilishakwisha.

Mgawanyo ni huu:

| Hatua | Kilichokamilika | Thamani | Zuio 10% | Marejesho ya advansi | Unalipwa |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Msingi na jamvi | 16,000,000 | 1,600,000 | 3,000,000 | 11,400,000 |
| 2 | Kuta, linta na mkanda wa juu | 16,000,000 | 1,600,000 | 3,000,000 | 11,400,000 |
| 3A | Mbao na mabati yako saiti | 8,000,000 | 800,000 | 1,500,000 | 5,700,000 |
| 3B | Paa limeezekwa | 10,000,000 | 1,000,000 | 1,500,000 | 7,500,000 |
| 4 | Plasta, milango, madirisha, mabomba na nyaya | 16,000,000 | 1,600,000 | 3,000,000 | 11,400,000 |
| 5 | Finishingi na makabidhiano | 14,000,000 | 1,400,000 | 0 | 12,600,000 |
| Jumla | | 80,000,000 | 8,000,000 | 12,000,000 | 60,000,000 |

Ukijumlisha 60,000,000 ya hatua, 12,000,000 ya advansi na 8,000,000 ya zuio unapata 80,000,000 yako yote, hakuna kilichopotea njiani.

Advansi ni 15% ya bei, yaani 12,000,000, inalipwa ndani ya siku 7 baada ya kukabidhiwa saiti na sisi kupokea dhamana ya benki ya kiasi hichohicho. Ni ya kuleta vifaa na watu, sio faida, na inarudi kwa kukatwa kama jedwali linavyoonyesha. Kila tukikata, dhamana nayo inashuka kwa kiasi hicho ili benki isiendelee kukutoza kwa deni ulilokwisha kulipa. Hatua ya 4 ikilipwa dhamana inafutwa.

Sasa nini kinahesabika kuwa kimekamilika, maana hapa ndipo watu hugombana.

Hatua ya 1: msingi umejengwa, umejazwa na kushindiliwa, jamvi limemwagwa na kumwagiliwa maji siku 7 mfululizo, vipimo vya pembe kwa pembe vinalingana na mchoro. Siku ya kumwaga zege unachukua sampo sita za mchemraba wa milimita 150 mbele ya msimamizi wetu, tatu zinavunjwa maabara siku ya 7 na tatu siku ya 28. Zege tulilokubaliana ni la nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba siku ya 28. Hatutakuweka usubiri siku zote hizo ndo ulipwe, matokeo ya siku ya 7 yakifika wastani wa 16 au zaidi tunakulipa hatua nzima na unaendelea na kuta. Majibu ya siku ya 28 yakija chini ya 25 hapo hatua ya 2 hailipwi mpaka mhandisi aseme zege linafaa, linaongezewa nguvu au linavunjwa, na gharama ni yako. Ada ya maabara tunalipa sisi kwa kipimo cha kwanza, cha kurudia ni juu yako.

Hatua ya 2: kuta zote zimefika juu, linta na mkanda vimemwagwa, fomu zimetolewa. Ukuta ukipigwa timazi usiwe umeacha zaidi ya milimita 10 kwa kila mita 3 za kwenda juu. Kama ukuta mmoja umekosea na nyingine zote ziko sawa tunalipa hatua kasoro thamani ya ule ukuta kwa bei ya mchanganuo, hatuzuii yote.

Hatua ya 3 tumeivunja mara mbili kwa sababu ulieleza vizuri kwamba mbao na mabati vinakula fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na mimi naona una haki, ukimlazimisha fundi anunue paa zima kwa mfuko wake ataenda kukopa kwa riba mbaya au ataleta bati jepesi. Kwahiyo 3A inalipwa mzigo wote ukiwa saiti, umehesabiwa, mbao zina dawa, unene wa bati umepimwa kwa kifaa na sio kwa kusoma lebo, vimefunikwa na vimeinuliwa kutoka chini. Leta risiti zinazoonyesha vimeshalipiwa, maana tukishakulipa ni mali yetu ingawa ulinzi unabaki kwako mpaka makabidhiano, vikiibiwa unarudisha. 3B ni paa limeezekwa lote, kofia zimefungwa, halafu tunamwagia maji kwa mpira saa nzima kila upande, lisionekane hata tone ndani.

Hatua ya 4 ina mambo mengi lakini vipimo vyake viwili ndo vikubwa, vyote vifanyike kabla hujafunika kwa plasta: mabomba yanajazwa maji kwa presha mara moja na nusu ya presha ya matumizi na yashikilie saa moja bila kushuka, na nyaya zipimwe usugu wa insulesheni kwa volti 500, isipungue megaomu 1 kwa kila sakiti. Ukifunika kabla ya kipimo utabomoa kwa gharama yako. Mengine ni plasta isiyolia ukigonga, milango na madirisha vinavyofunga bila kusukumwa kwa bega.

Hatua ya 5 ni rangi, sakafu, taa, usafi wa saiti, funguo zote na michoro inayoonyesha jengo lilivyojengwa kweli, hasa mabomba yanapopita. Tutazunguka pamoja na kuandika orodha ya kasoro. Zikiwa ndogo zisizozuia jengo kutumika, makabidhiano yanafanyika na tunashikilia mara mbili ya gharama ya kuzirekebisha, unazimaliza ndani ya siku 21 na unachukua chako.

Utaratibu wa kuomba: hatua ikikamilika unaleta barua ya ombi, picha na majibu ya vipimo. Msimamizi anakuja ndani ya siku 5 za kazi, akikubali anatoa hati ya malipo, akikataa anaandika kasoro moja moja na sio kusema tu kazi haijaridhisha. Asipokuja ndani ya siku hizo na hajaandika chochote, hatua inahesabika imepita. Kuanzia tarehe ya hati tuna siku 14 za kulipa. Tukichelewa unapata riba ya 0.05% kwa siku, kwa hatua ya 11,400,000 hiyo ni 5,700 kila siku. Zikipita siku 28 hatujalipa unaweza kusimamisha kazi baada ya kutupa notisi ya siku 7, na siku ulizosimama zinaongezwa kwenye muda wako. Haturuki hatua, ila ukitaka kuanza ya mbele huku ya nyuma inasubiri kipimo unaruhusiwa, malipo tu ndo yanafuata mpangilio.

Kazi ya ziada yenye agizo inalipwa pamoja na hatua inayoangukia, nayo inakatwa zuio la 10%, advansi haikatwi humo.

Zuio lenyewe naomba ulisome mara mbili. Ni fedha yako uliyokwisha kuifanyia kazi, sisi tunaishikilia tu. Najua kwa kazi nyingi 10% ndo faida yote ya fundi, kwahiyo inakaa kwenye akaunti ya pembeni inayohitaji saini zetu mbili, yako na ya mweka hazina wetu, haiingii kwenye matumizi ya mradi hata tukikwama. Nusu, 4,000,000, unalipwa pamoja na hatua ya 5, maana yake siku hiyo unapokea 16,600,000 kama hakuna kasoro ya kushikilia. Nusu nyingine inabaki miezi 12 ya matazamio. Ukitaka kuitoa mapema leta dhamana ya benki ya 4,000,000 yenye muda huo na tunakupa fedha ndani ya siku 7.

Ndani ya miezi hiyo 12 nyufa, kuvuja, sakafu kubanduka, bomba kupasuka bila kugongwa, ni vyako. Tunakuandikia, una siku 14 kurekebisha, siku 2 kama ni maji yanavuja au umeme una hatari. Usipotokea tunaita fundi mwingine na kukata gharama halisi kwa risiti, nakala unapewa. Zuio halikatwi kwa uchakavu wa matumizi, kioo kilichovunjwa na watoto au rangi tuliyochoka nayo, na halikatwi kwa ugomvi wa jambo lingine lolote kati yetu.

Mkataba ukivunjika katikati, mhandisi anapima kilichokamilika kwa bei za mchanganuo, anakata malipo yaliyokwisha kufanyika na advansi iliyobaki, tofauti inalipwa na anayedaiwa ndani ya siku 28. Zuio linashikiliwa kwa sehemu uliyojenga wewe tu.

Siku ya mwisho ya hiyo miezi 12 ya matazamio tunazunguka jengo tena sote wawili na msimamizi. Kama hakuna jipya, hati ya mwisho inatoka siku ileile na fedha inaingia ndani ya siku 14 bila wewe kuandika barua ya kuomba. Weka saini kila ukurasa, nakala moja yako, moja yetu, moja ya msimamizi.