Kumbukumbu ya tathmini: kula kupita kiasi na kujitapisha, elektroliti, na mpango wa kula kwa vipindi

Mteja wa nje, mwanamke, miaka 24. Ziara ya kwanza, Jumanne, saa 3:10 asubuhi. Amekuja mwenyewe, kwa malalamiko ya kizunguzungu akisimama, miguu kukakamaa usiku na moyo "kuruka pigo". Suala la kujitapisha amelisema alipoulizwa moja kwa moja, si kabla. Alikuwa ameeleza ukaribu wa chakula na maumivu ya koo, ndipo akaulizwa: "Hutokea ukajitapisha baada ya kula?" Akajibu ndiyo bila kusita. Swali hili liulizwe hivyo hivyo, wazi na kwa sauti ya kawaida. Ukilizungusha, mteja naye atalizungusha.

Mwenendo wa kula na kutoa

Kwa miezi 7 iliyopita hula kupita kiasi siku 5 kwa wiki, mara moja au mbili kwa siku, na kila mara hufuata kujitapisha ndani ya nusu saa. Vigezo vyote viwili vya tukio vimetimizwa kwa maelezo yake: kiasi ni kikubwa kuliko ambacho watu wengi wangekula katika muda huo, na hushindwa kusimama akishaanza. Hilo la pili ndilo linalotofautisha tukio halisi na siku aliyokula tu zaidi ya alivyopanga, ambayo naye huiita "kuharibu". Kwenye daftari haya mawili yatenganishwe.

Vidonge vya kuharishia: mara 2 kwa wiki, zaidi ya dozi iliyoandikwa kwenye pakiti. Dawa za kuongeza mkojo, vidonge vya kupunguza uzito, dawa za kutapisha: anakana. Hana kisukari, hivyo suala la kuruka insulini halipo. Mazoezi: kutembea tu. Pombe: nadra.

Siku ya jana kwa mpangilio wake: kahawa nyeusi saa 2 asubuhi, hakula hadi saa 8 mchana, akala bakuli dogo la mboga mbichi, hakula tena hadi saa 1:30 jioni, akaanza na mlo wa kawaida ambao haukusimama hadi saa 2:45 usiku, akajitapisha karibu saa 3. Kwa maneno yake: "Nikivuka saa nane bila kitu, jioni najua nimeshaanguka." Siku mbili za wiki zisizo na tukio ni zile anazokula mchana na wenzake. Mpango wote hapa chini unasimama juu ya jambo hilo: saa ndefu za kufunga mchana ndizo zinazozaa usiku wake, si udhaifu wa nia.

Mawazo ya kujiua: ameulizwa, anakana, hana mpango wala historia ya kujidhuru. Hedhi: hupishana, ya mwisho wiki 6 zilizopita, kipimo cha ujauzito hakionyeshi mimba.

Uchunguzi

Uzito kg 61.4, urefu m 1.64, BMI 22.8. Uzito wa kawaida usimdanganye anayemwona kwa mara ya kwanza. Potasiamu hushuka kwa mwenye mwili wowote. Amelala: shinikizo 112/70, mapigo 68. Amesimama dakika 3: 94/64, mapigo 92, akasema kichwa chepesi. Tezi za mate zimevimba pande zote mbili, hazina maumivu. Sugu juu ya vifundo vya vidole viwili, mkono wa kulia. Enameli imelika upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu. Miguu haijavimba.

Damu (imechukuliwa saa 3:25 asubuhi, takriban saa 12 baada ya kutapika mara ya mwisho, maabara haikuripoti kupasuka kwa chembe nyekundu, kwa hiyo potasiamu haijapandishwa kwa uongo):

Na 137, K 3.1, Cl 92, HCO3 33, Mg 0.66, fosfati 0.94, urea 7.6, sukari 4.7 (zote mmol/L). Kreatinini 68 µmol/L.

Kipimo cha umeme wa moyo: mdundo wa kawaida 66, QTc ms 434, wimbi T halijalala, wimbi U halionekani.

Tafsiri: kloraidi ya chini na bikaboneti ya juu ni sura ya kutapika kuliko ya kuharisha, kuharisha peke yake kwa kawaida hupoteza bikaboneti. Potasiamu nyingi haikutokea mdomoni, imetoka kwa mkojo: maji ya mwili yanapopungua, aldosteroni hupanda, nayo figo hushika chumvi na kuachia potasiamu. Hivyo kumpa potasiamu bila kurudisha maji na kloraidi ni kujaza ndoo iliyotoboka. Magnesiamu nayo ni ya chini, na isiporekebishwa potasiamu haitakaa.

Yaliyoamuliwa pamoja na daktari wa zamu

Kloridi ya potasiamu kwa mdomo, mmol 20 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula na glasi kamili ya maji, akiwa amekaa wima. Isitumike sitrati wala bikaboneti ya potasiamu. Kloraidi ndiyo inayokosekana. Dozi ya kwanza pamoja na kifungua kinywa na ya pili pamoja na chakula cha mchana, nje ya saa zake za kutapika. Akitapika ndani ya saa moja baada ya dozi, aandike, asirudie mwenyewe. Magnesiamu kwa mdomo, dozi ndogo kwanza, kwa kuwa huweza kuharisha. ORS lita 1 kwa siku, kwa kunywa kidogo kidogo. Dripu ya chumvi ya haraka haikutolewa: aldosteroni ikiwa juu, maji hubaki mwilini na miguu huvimba, na uvimbe huo humtisha mteja arudi kutapika.

Vidonge vya kuharishia visimamishwe leo. Ameambiwa mapema: choo kigumu, tumbo kujaa na uzito kupanda kwa muda, wiki 1 hadi 3, ni maji, si mafuta.

Mpango wa kula kwa vipindi (nakala amepewa)

Kifungua kinywa saa 1:30 asubuhi, kitafunwa 4:30, chakula cha mchana 7:00, kitafunwa 10:00 alasiri, chakula cha jioni saa 1:00, kitafunwa 3:30 usiku. Pengo lisizidi saa 3 na nusu. Wiki mbili za kwanza kinachofuatwa ni saa. Aina ya chakula achague anachoweza kukibakisha tumboni. Kila mlo uwe na wanga. Mboga mbichi pekee si mlo. Ale kwa saa, si kwa njaa, maana hisia yake ya njaa na shibe bado haiaminiki.

Akila kupita kiasi au kutapika, kipindi kinachofuata hakirukwi wala hakipunguzwi. Hapo ndipo wengi hupotea: wanafidia asubuhi, jioni inajirudia. Saa moja baada ya chakula cha jioni akae sebuleni na dada yake, ambaye mteja mwenyewe amekubali kumjulisha. Akitapika, asukutue kwa maji tu, asipige mswaki mara moja.

Daftari: saa, alichokula, mahali, tukio (ndiyo/hapana), kutapika au dawa, na kilichotangulia. Aandike papo hapo. La kukumbuka usiku husahau mchana mtupu. Hakuna kuhesabu kalori. Uzito mara moja kwa wiki, hapa kliniki.

Ufuatiliaji

Alhamisi asubuhi: elektroliti, magnesiamu, fosfati na kusimama/kulala tena. Baadaye kila wiki hadi K ifike 3.5 au zaidi mara mbili mfululizo. K ya kawaida isichukuliwe kuwa ushahidi wa kutotapika. Arudi siku hiyo hiyo kwa kuzirai, moyo kwenda ovyo, udhaifu wa misuli, kutapika damu au maumivu makali ya kifua. K chini ya 2.5, au badiliko lolote kwenye umeme wa moyo: kulazwa. Rufaa ya tiba ya kisaikolojia imeandikwa. Dawa ya fluoksetini itajadiliwa na daktari baada ya elektroliti kutulia. Barua kwa daktari wa meno imekabidhiwa.

Imeandikwa na muuguzi wa kliniki, saa 6:40 mchana.