Shiti ya Bailojia Fomu Foo: kukrosi jeni moja

Wanangu, shiti ya Jumamosi hii hapa. La kwanza nimelifanya mwenyewe muone linavyoenda, mengine mje yamefanywa, sio mnakopiana kwenye daladala ya Mbagala asubuhi hiyo hiyo. Herufi kubwa ni aleli dominanti, ndogo ni risesivu.

1. Mendel alikrosi njegere ndefu (TT) na fupi (tt), F1 zote zikatoka Tt ndefu, akaziacha zijichavushe zenyewe. Toa ratio za F2.

```
     T    t
T   TT   Tt
t   Tt   tt
```

Jenotaipu: 1 TT : 2 Tt : 1 tt. Fenotaipu: 3 ndefu : 1 fupi. Mzee mwenyewe alihesabu ndefu 787 na fupi 277, ukigawanya inakuja kama 2.84 kwa 1, kwa hiyo ukipewa namba haijakaa 3 kamili usipaniki.

2. Mnjegere mrefu haujulikani ni TT au Tt. Umekrosiwa na tt, ikatoka miche 41 mirefu na 39 mifupi. Mzazi ni yupi? Chora mraba. (maksi 4)

3. Baba AS, mama AS, wanakaa Temeke.
(a) Toa ratio zote mbili. (maksi 4)
(b) Mtoto wa kwanza kazaliwa SS, ana sikoseli. Shangazi anasema "basi watatu wanaofuata wako salama". Mjibu. (maksi 3)

Hapa ndo mnapokufa kila mwaka. Vile viboksi vinne sio watoto wanne jamani, ni chansi za mimba moja, na mimba inayofuata haijui ya kwanza ilitoka nini, inaanza upya kabisa, mnaniandikia "mtoto wa nne ndo atakuwa mgonjwa" mpaka peni nyekundu inaniishia wino.

4. Baba ana ualbino (aa). Mama hana, ila babake mzazi anao. Toa ratio za watoto. (maksi 5) Anza na jenotaipu ya mama, ukiweka AA umeshapotea.

5. Kuna maua ya bustani, mekundu RR, meupe WW, ukikrosi yanatoka pinki RW, hakuna aleli inayomfunika mwenzake. Krosi pinki kwa pinki. (maksi 4)

Majibu, msichungulie kwanza:
2. Tt. Jenotaipu 1 Tt : 1 tt, fenotaipu 1 : 1. Angekuwa TT usingeona mfupi hata mmoja.
3. (a) 1 AA : 2 AS : 1 SS, wasioumwa 3 : mgonjwa 1. (b) Sio kweli shangazi, kila mimba bado ni robo, 25%.
4. Mama ni Aa, a kapewa na babake. 1 Aa : 1 aa, yaani nusu kwa nusu.
5. 1 RR : 2 RW : 1 WW, na fenotaipu vile vile 1 : 2 : 1. Ukiandika 3 : 1 hapa nakata zote nne.