Cheti cha Afya cha Dereva wa Lori

Kwa: Mamlaka ya Leseni za Udereva
Tarehe ya uchunguzi: 14 Machi 2025

Mimi, Daktari Salma Khamis Juma, nathibitisha kwamba leo nimempima mwenyewe Bw. Rashidi Omari Mussa, umri miaka 47, anayeomba leseni ya lori na kazi ya udereva. Nimelinganisha sura yake na picha ya kitambulisho. Si ndugu yangu wala si mgonjwa wangu wa kawaida. Maelezo ya historia ya afya yake ameyasaini mbele yangu.

Macho. Bila miwani anasoma 6/18 kwa jicho la kulia na 6/24 kwa la kushoto. Akivaa miwani, 6/6 na 6/9. Anaona pembeni vizuri pande zote mbili na anatofautisha rangi za taa za barabarani. Kioo kimoja cha miwani yake kimekwaruzika, na usiku mkwaruzo hutawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja. Akibadilishe kabla ya kushika usukani.

Kisukari. Anacho, aina ya pili, na anatumia metfomini peke yake. Hatumii insulini wala vidonge vinavyoweza kuishusha sukari ghafla, na anasema hajawahi kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuchanganyikiwa kwa sukari kushuka. Sukari kabla ya kula: 6.4 mmol/L. Nimepima hisia za nyayo kwa makini, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hauwezi kupima nguvu ya breki. Hisia zipo kamili. Ndani ya macho sikuona madhara ya kisukari.

Shinikizo la damu 134/84 mmHg, mapigo 76 kwa dakika. Kusikia, moyo, mapafu, shingo, mikono na miguu: hakuna kasoro.

Amekana kuwahi kuugua kifafa, kiharusi, kuzimia au maradhi ya akili. Hayo ni maneno yake. Katika uchunguzi sikuona dalili ya kuyapinga. Anakoroma, lakini hasinzii mchana, hata akikaa kimya baada ya kula.

Uamuzi: ANAFAA kuendesha lori, kwa masharti. Avae miwani kila anapoendesha, na awe na ya akiba garini. Akianzishiwa insulini au dawa nyingine ya kisukari, akizimia, au macho yakififia, aache kuendesha na apimwe upya kwanza.

Cheti hiki kinatumika hadi 13 Machi 2026. Nakala ya mwajiri ina uamuzi na masharti pekee. Majibu ya vipimo ni siri ya Bw. Rashidi, na ameridhia kwa saini yake yapelekwe kwa Mamlaka tu.

Imesainiwa na kupigwa muhuri,
Dkt. Salma Khamis Juma
Daktari mpimaji