Neno la shukrani kwa waliotushikia klabu ya bao mwaka mzima

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, habari za jioni. Na nyie watoto mliokaa juu ya ukuta, shukeni kwanza. Mkianguka leo hakuna wa kuwakimbilia, kwa sababu waliokuwa wanawakimbilia mwaka mzima ndio wageni wetu wa heshima.

Mwenyekiti amenipa dakika tano. Amesema nikizidisha atatikisa kete kwenye kopo, na mnamjua, atatikisa kweli.

Majina sitayasoma. Hapa Ngamiani ukisema jina la kwenye kitambulisho watu wanauliza ni nani huyo. Sisi tunaye Babu Fundi, tunaye Dada Karani, Mama Kahawa na Kaka Bodaboda, na hao wanatosha kunijazia dakika zangu.

Mimi nilikuja hapa Januari kumleta mwanangu. Bao nimekua nalo likiwa barazani kwa wanaume. Napita na sinia ya maandazi, nasikia kete zinagonga, nasikia mtu anachekwa, basi, napita. Kwa hiyo siku ile nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu, nikisubiri Jumamosi iishe nimchukue mtoto. Babu Fundi akanitazama akasema, "Na wewe mwanangu, umekuja kusaidia nguzo kushika paa? Kaa chini." Nikakaa. Hadi leo sijainuka, na wali wa Jumamosi nyumbani kwangu huliwa usiku.

Alinianzishia bao la kujifunza, lile la kupanga kete mbili mbili kila shimo, pamoja na watoto wa darasa la tatu. Walinifunga wote. Kuna mmoja alinipa pole.

Mwezi wa tano ndipo akanivusha kwenye bao kubwa. Nataka niwaelezee mchezo mmoja tu, maana huo ndio ulionifanya nikubali kusimama hapa. Tulikuwa bado tunanamua. Nyumba yangu imenenepa, ina kete 11, nimeilinda kama yai. Nikala upande wa kichwa, nikasambaza, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani. Hapo mnajua, hiari ni yako: ulale au usafiri. Mimi na pupa yangu nikasafiri. Nikazimwaga zote 12, moja moja, na tabasamu juu, ya mwisho ikatua shimo tupu. Nikalala kule kule nilikokuwa nakukimbia, na sasa sina nyumba. Babu hakusema kitu. Alinila taratibu mpaka safu yangu ya mbele ikabaki nyeupe.

Kisha akafanya jambo. Akazikusanya kete zote, akazipanga upya, shimo kwa shimo, mbele na nyuma, kwake na kwangu, hata zile zilizokuwa bado ghalani, mpaka bao likarudi vilevile lilivyokuwa kabla sijasafiri. Bila kuandika popote, ametoa kichwani tu. Akasema, "Haya. Sasa lala." Nikalala. Tukacheza tena kutoka hapo. Alinifunga tena, lakini ilimchukua mpaka adhana ya magharibi.

Siku hiyo nikirudi nyumbani nikajiuliza: huyu mzee mwenye kichwa cha namna hii, yeye anacheza na nani? Nikaanza kumwangalia. Jumamosi baada ya Jumamosi anafundisha, anasuluhisha, anamfuta machozi aliyefungwa. Sikumwona hata siku moja amekaa na mtu wa saizi yake. Wenzake wanacheza barazani saa hizo hizo, mitaa miwili kutoka hapa, na yeye yupo hapa anashindana na mimi.

Na siyo yeye peke yake. Mabao yetu sita ameyachonga mwenyewe, mawili kwa mvule uliobaki kwenye kazi ya mlango wa mtu. Mashimo 32 kila bao, na zile nyumba mbili za mraba zimekaa sawa kama zimepimwa na mashine. Lakini bao halitembei. Lilitembezwa na Kaka Bodaboda, tangu Aprili tulipofungiwa chumba tulichokuwa tunaazimwa na kuhamia kwenye ukumbi huu wa nje. Mnakumbuka masika yale: maji uani hadi kifundo, yeye anakuja na mabao mawili mawili yamefungwa kwenye nailoni, mwenyewe amelowa chapachapa. Jumamosi ni siku ya abiria. Kila safari ya bao ni safari ya nauli aliyoiacha stendi, na hilo hajawahi kulisema. Nalisema mimi.

Dada Karani. Dada, usijifiche nyuma ya daftari. Watu wanadhani kazi yake ni kuandika waliohudhuria. Kazi yake ni kuhesabu komwe. Kila bao 64, mabao sita, jumla 384, kila Jumamosi, kabla mtoto yeyote hajaruhusiwa kutoka getini. Kuna jioni zilipatikana 383. Tulisimama hapa hadi giza. Mwisho kijana mmoja, sitamtaja ila yupo pale ukutani na bado hajashuka, alikutwa anaisugua komwe kwenye sakafu ipate moto amchome nayo mwenzake shingoni. Dada Karani akaipokea, akaitia kwenye kopo, akaandika 384. Kisha akamwambia, "Na mimi tulichomana sana udogoni. Ila za kwetu hatukuiba klabuni."

Mama Kahawa, wewe nikueleze nini? Kahawa na kashata za mwaka mzima, na Ramadhani tulipohamishia mazoezi baada ya tarawehe ukatuletea na uji. Tulichanga, ndiyo, na wote hapa tunajua mchango wenyewe haukufika hata kwenye bei ya sukari. Na mume wako aliyekuwa anakupokea saa tano usiku bila maneno, naye tunamshukuru. Kama yalikuwepo maneno, tunaomba radhi.

Kati ya Jumamosi zote za mwaka tumekosa tatu tu: mbili za mvua, moja ya msiba.

Hilo kopo nalisikia, Mwenyekiti. Namalizia.

Zawadi tulizochanga mtapewa na Mwenyekiti: kanga, shuka, na koti la mvua ambalo mwenyewe anajijua. Lakini sisi wanachama tulikaa tukasema kanga haitoshi kwa watu walioacha kucheza ili sisi tucheze. Kwa hiyo utaratibu wa leo umegeuka. Mama Kahawa, hilo dele liache chini, litashikwa na wanangu. Dada Karani, daftari nipe mimi. Kaka, funguo za pikipiki weka mezani. Mabao leo tutayarudisha kwa miguu, tumeshagawana. Na Babu, yule rafiki yako wa barazani, yule unayesema mlianza kuchezeana kabla hajaota ndevu, tumemwita. Yupo nje, ameona aibu kuingia katikati ya hotuba. Ingia, mzee wangu, karibu sana.

Mkeka umetandikwa pale kwenye mwanga. Hakuna mtoto wa kufundishwa usiku huu, na atakayetoa ushauri pembeni ataosha vikombe. Komwe zipo 64, nimezihesabu mwenyewe mara mbili. Babu, kaa, anza kunamua.