Sivii yako nimeikata, hii ndo ya NIH

Dada, za Ifakara? Sivii yako nimeisoma kurasa zote 19 na nimeikata iingie kwenye fomu ya NIH. Tarehe ya kuzaliwa, ndoa, warsha, wadhamini watatu wa mwishoni, vyote nimetoa, hawaviulizi.

Mpangilio usiuguse. Jina, ORCID na cheo chako cha sasa, halafu elimu, vyeo, machapisho. Elimu na vyeo vinaanza na cha karibuni kurudi nyuma, kwa hiyo posdok iko juu, inafuata PhD, masta ya Muhimbili, digrii ya Sokoine chini kabisa. Kile cheo cha utafiti cha kujitolea ulikitoa kwa vile hawakulipi, nimekirudisha, wanataka vyote, ulipwe usilipwe.

Machapisho ndo palipouma. Unayo 34 na nafasi ni 10 tu, 5 yanayogusa mradi wenyewe na 5 mengine ya maana. Kwenye tano za kwanza nimeweka zile mbili za usugu wa Anopheles funestus kwa pirethroidi, ile ya vyandarua ambayo wewe ndo mwandishi wa kwanza, ile ya mazalia, na dataseti yako, maana dataseti nayo inahesabika kama iko wazi watu wakaipata. Ile ya jarida kubwa yenye waandishi 60 nimeishusha tano za pili, najua unaipenda lakini jina lako limezama katikati na haisemi lolote kuhusu kazi unayoombea hela. Mihadhara ya kualikwa nimefuta, fomu inaikataza waziwazi. Makala ambayo haijaisha nayo nimeiacha nje, ukiituma kwa jarida kabla ya dedilaini niambie naiweka natoa ya dengi.

Maelezo binafsi yanakaa kwenye fomu ya nyongeza. Ya kwako yalikuwa yanasifia sana bila kuonyesha kazi, nimeyaandika upya kwa Kiswahili kwanza tuone kama yanasimama, Kiingereza weka wewe:

"Tangu 2014 nachunguza usugu wa Anopheles funestus katika bonde la Kilombero. Niliongoza timu iliyokusanya mbu katika vijiji 12 kwa misimu mitatu, na takwimu zake ziko wazi. Mradi huu unahitaji mtu anayeweza kufuga mbu hawa maabara, jambo gumu kwa funestus, kupima usugu wao, na kuaminiwa na wanakijiji wanaofungua nyumba zao usiku. Kazi zote tatu nimezifanya na nitaziongoza."

Hiyo sentensi ya wanakijiji usiifute tafadhali, waombaji wengi watakuwa na maabara nzuri, wewe una watu wanaokufungulia mlango.

Kwenye SciENcv umenipa ruhusa ya kujaza na nimeshajaza, ila kuthibitisha lazima uingie wewe mwenyewe, mimi siruhusiwi. Angalia miaka ya posdok kwanza, kwenye sivii umeandika 2019 na kwenye ORCID ni 2020. Ukishanijibu ipi ndo sahihi narekebisha leoleo, halafu utathibitisha.