Mchango wa mlinzi wa usiku: naomba msome mpaka mwisho kabla ya kikao cha Jumapili

Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni majirani wote wa njia ya mtoni, Moshono. Poleni na majukumu.

Yaliyompata Mama Careen usiku wa kuamkia Jumatano mnayajua. Wameingia kwa nyuma, wamelikata bomba kwa msumeno juu na chini ya pampu ya maji, wamenyofoa waya, wameondoka na pampu nzima. Tanki limemwagika mpaka barabarani. Baba Glory aliamshwa na maji yaliyokuwa yanapita chini ya geti lake, maana mbwa walibweka kweli, lakini mbwa wa huku wanabweka kila usiku, nani ataamka? Kabla ya hapo vilikatwa vioo vya pembeni vya Noah, na kabla ya vioo ulikwenda mtungi wa gesi wa wapangaji wa nyumba ya bluu. Yote yameripotiwa, RB zipo.

Kamati ndogo mliyoituma imekaa, na mimi kama katibu nimepewa kazi ya kuandika. Tunapendekeza tuajiri walinzi wawili watakaopokezana, mmoja zamu kwa usiku, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Atazunguka njia nzima, kuanzia kalavati la juu mpaka nyumba ya mwisho kabla ya mto. Majaribio yawe miezi 6, halafu tukae upya tuamue kama tunaendelea.

Mchango kwa mwezi: nyumba 15,000. Nyumba yenye mlinzi wake wa usiku 10,000. Chumba cha mpangaji 5,000. Duka 10,000. Nyumba mbili za wazee wetu hazichangi, na naomba zisitajwe humu.

Hesabu ni hii. Nyumba 24 kwa 15,000 ni 360,000. Nyumba 4 zenye walinzi wao ni 40,000. Vyumba 31 ni 155,000. Maduka 3 ni 30,000. Jumla 585,000 kama kila mtu amelipa, na sisi tunajijua.

Matumizi: mlinzi wa kwanza, siku tano kwa wiki, mshahara 300,000 na nyongeza ya usiku 15,000. Wa pili, siku mbili kwa wiki, 120,000 na nyongeza ya usiku 6,000. NSSF upande wa mwajiri, asilimia 10, ni 44,100 kwa wote wawili. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, ni 2,205. Betri za tochi, mkaa na chai 25,000. Jumla 512,305. Kwa hiyo tukikusanya asilimia 88 tunapata 514,800 na mambo yanakwenda. Tukishuka chini ya hapo, mshahara haukamiliki. Ziada ya miezi ya mwanzo itanunua makoti ya mvua, buti na filimbi. Bati za kibanda ametoa Babu Elia, tunamshukuru.

Tangu Jumatano simu yangu haijatulia. Wengine mmekubali, wengine mmepinga, na baadhi ya mliopinga mna hoja nzito kuliko sisi tuliokubali. Nitazijibu kama mlivyozisema.

"Mlinzi mmoja anatosha, kwa nini wawili? Mbona kwa fulani morani analinda peke yake mwezi mzima kwa laki na nusu?" Wapo wengi wa namna hiyo hapa Arusha, kweli. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mtu apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na kazi ya usiku iongezwe asilimia 5. Siku tano za saa 9 zinatimiza hizo 45, ndiyo maana yuko wa pili. Sheria tuiweke pembeni kidogo: mtu asiyepumzika hata usiku mmoja, mwezi Julai, na baridi la huku mnalijua, saa nane za usiku atakuwa amejikunyata kwenye blanketi. Tutakuwa tunamlipa alale. Mkataba utaandikwa na utapelekwa kwa afisa kazi auangalie, pamoja na kima cha chini, kabla hatujasaini.

"Ulinzi ni kazi ya serikali, sisi tunalipa kodi." Kaka uliyesema hivi, sina cha kukupinga. Ni kazi ya polisi, na mkaguzi wa kata tumeongea naye, hajakataa kutusaidia. Ila eneo lake ni kata nzima, na pampu inafunguliwa kwa muda mfupi kuliko wa pikipiki kutoka kituoni kufika mtoni. Tuendelee kudai doria na taa za barabarani. Barua ya taa iko kwa mtendaji wa mtaa, nakala ninayo.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wengine wamelielewa vibaya. Mchango huu ni hiari. Sisi ni majirani, hatuna mamlaka ya kumtoza mtu. Ushuru wa lazima unahitaji sheria ndogo ya halmashauri ya jiji, na hatuna. Asiyechanga hatakatiwa maji, hatafungiwa njia, na jina lake halitabandikwa humu. Kuna aliyependekeza tuwe tunatuma orodha ya wadaiwa kila tarehe 5. Nimekataa. Tutatuma orodha ya waliolipa, basi. Na mlinzi akisikia kelele kwa asiyelipa, atakwenda. Najua hilo linawaudhi wanaolipa, lakini hakuna namna ya kulinda nyumba ya sita na ya nane halafu uiruke ya saba.

"Hela zitaliwa kama za kalavati." Hii ndiyo hoja kubwa, na mliosema hivyo hamjakosea kuuliza. Mpaka leo hakuna aliyetuletea hesabu ya kalavati iliyokamilika. Kwa hiyo safari hii: hakuna fedha inayopita kwenye simu ya mtu binafsi, iwe yangu au ya mwenyekiti. Kikundi kitafungua akaunti yenye saini tatu, mbili zikitosha kutoa, na mmoja wa watia saini awe mpangaji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitatuma humu picha ya taarifa ya benki, picha ya daftari, na stakabadhi za NSSF. Mwenye shaka aje nyumbani alisome daftari, hata saa mbili usiku. Na mimi sitakuwa mtia saini. Anayeandika hesabu asishike fedha.

"Nina ukuta, umeme juu yake na mlinzi wangu, nichangie nini?" Wenye hoja hii ndio waliotufanya tushushe kiwango chao hadi 10,000. Kwanza tulikuwa tumeandika 15,000 kwa wote. Mlinzi wako analinda ndani ya geti. Anayekuona ukishuka kwenye bodaboda saa nne usiku kabla hujafika getini ni huyu wa njia. Kama bado unaona ni nyingi, sema kiasi unachoona ni haki, tukiongee Jumapili.

Wapangaji nao wamesema: ukuta si wetu, geti si letu, mwenye nyumba ndiye mwenye mali, kwa nini tuchange? Na dada mmoja akaongeza kwamba 5,000 kwake ni umeme wa wiki. Hili sijalimaliza. Ni kweli kilichoibwa nyumba ya bluu kilikuwa cha mpangaji, na bodaboda zinazolala nje ni za wapangaji. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye vyumba nane anayeishi Sakina hachangi hata senti kwenye mpango huu. Maoni yangu binafsi, kamati haijakubaliana, ni kwamba wenye nyumba wasioishi hapa wabebe nusu ya michango ya vyumba vyao. Nimewapigia watatu. Mmoja amekubali, mmoja anafikiria, na wa tatu amenikatia simu.

Babu Elia ametukumbusha sungusungu: vijana wapokezane, gharama sifuri. Shikamoo babu, na kwingine unafanya kazi vizuri. Hapa tulijaribu mwaka jana. Wiki ya kwanza walitokea kumi, wiki ya tatu wawili. Nusu ya vijana wetu ni madereva wa watalii, msimu ukianza wako Serengeti. Na nyumba zenye kina mama peke yao, zamu yao nani ataifanya?

Kampuni ya ulinzi tuliyoiuliza imetaja 700,000 kwa mlinzi mmoja. Faida ipo: akiumwa wanaleta mwingine, na usumbufu wa NSSF ni wao. Mwenye kuona inafaa aje na hoja, lakini mchango wa nyumba utapanda mpaka karibu 20,000.

"Je, mlinzi mwenyewe akiwa ndiye anayewapa wezi ramani?" Inatokea. Kila mmoja ataleta kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakotoka, na wadhamini wawili wanaojulikana. Hatapewa ufunguo wa nyumba yoyote, na msimtume dukani wala kumwachia mzigo. Ukisafiri, mwambie jirani. Yeye haimhusu.

Jambo moja sitaki tulibishanie. Mlinzi akimkamata mtu, atapiga filimbi, tutatoka, tutapiga 112, mtu atakabidhiwa polisi mzima. Hakuna tairi, hakuna mawe. Kama kuna anayechanga kwa kutegemea mlinzi apige watu, abaki na 15,000 yake.

Mwalimu wa njia ya juu ameniuliza, na si mwanakikundi, kama wezi hawatahamia kwao. Inawezekana kabisa. Nimemkaribisha Jumapili, wakikubali kuungana nasi, mlinzi wa pili anaweza kupata siku zaidi na mchango ukashuka.

Kikao ni Jumapili saa kumi jioni, uwanjani kwa Mama Careen. Yeye ndiye ameomba tukae kwake, na chai ipo. Mtendaji wa mtaa ameahidi kufika. Kabla ya Ijumaa usiku nitumieni ujumbe, kwangu binafsi kama hutaki kuandika humu: "Nakubali", "Sikubali", au "Nakubali kwa sharti hili", ukilitaja. Wasio na simu janja nitawapitia mwenyewe Alhamisi na daftari. Wakikubali nyumba chini ya 20, hatuanzi, na hakuna atakayeombwa senti.

Halafu tafadhali, leo usiku washeni taa za nje. Na mwenye ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa duka la kona, iingize ndani.